Action1, Intune au Tactical RMM: Kuendesha Kompyuta za Ofisi Kutoka Dashibodi Moja

Kompyuta tano za ofisi zinaweza kuhudumiwa kwa miguu. Fundi anazunguka meza kwa meza, anabonyeza masasisho, anaandika namba za mashine kwenye daftari, na kazi inaisha kabla ya chai ya saa nne. Zikifika ishirini, na baadhi ziko tawi la Industrial Area na nyingine ziko nyumbani kwa wafanyakazi Rongai na Ruaka, hapo ndipo ofisi huanza kutafuta dashibodi moja ya kuziona zote. Na ndipo hukwama, kwa sababu vifaa vya kazi hii ni vingi na vyote vinaahidi mambo yaleyale.

Tutalinganisha vitatu ambavyo kwa kweli huingia kwenye meza ya uamuzi hapa Nairobi. Action1 ni huduma ya mtandaoni: unafungua akaunti, unaweka ejenti, yaani programu ndogo inayopokea amri za dashibodi, kwenye kila kompyuta, na unaendesha kila kitu kwenye kivinjari. Intune ni ya Microsoft na huja ndani ya leseni ya Microsoft 365 Business Premium. Tactical RMM unaiweka mwenyewe kwenye seva yako, na huitumia MeshCentral kwa upande wa kuingia kwenye kompyuta za mbali. WSUS, seva ya Microsoft ya kugawa masasisho ndani ya ofisi, ambayo ofisi nyingi za zamani bado zinayo, tumeiacha nje kwa makusudi: Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitaiendeleza tena, na haijawahi kuzihudumia vizuri laptopu zilizo nje ya ofisi.

Vipimo, na ofisi ya mfano

Tunapima mambo manne. Kwanza, orodha: je, dashibodi inakwambia ukweli kuhusu ulichonacho, na ukweli huo una umri gani? Pili, masasisho: je, yanafika, yanakamilika, na hayaangushi intaneti ya ofisi? Tatu, msaada wa mbali: je, unaweza kumaliza tatizo la mtu bila kumwambia akupe nenosiri la msimamizi? Nne, gharama, pamoja na nani atakayeubeba mzigo wa kukiendesha chombo chenyewe.

Ili hesabu zisielee hewani, tuchukue ofisi ya mfano yenye kompyuta 22: 14 Upper Hill, 5 Industrial Area na laptopu 3 zinazozunguka. Laini ya Upper Hill ni Mbps 20. Mashine nyingi ni zile za ex-UK zilizonunuliwa kwa awamu katikati ya jiji, chache kila mwaka, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Fundi ni mmoja, na ana kazi nyingine pia.

Jambo moja linazihusu zote tatu. Kompyuta inayosimamiwa ndiyo inayopiga simu kwenda nje, kama inavyofanya inapofungua tovuti yoyote. Huhitaji anwani ya IP ya kudumu ofisini wala kufungua milango kwenye ruta. Kwa hiyo laini ya nyumbani au modemu ya simu, ambako wateja wengi hugawana anwani moja ya nje, haizuii chochote kwa upande wa kompyuta zinazosimamiwa.

Orodha: unacho nini hasa?

Swali ambalo orodha lazima ilijibu kwanza hivi sasa ni la Windows 10. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa Intel inataka kichakato cha kizazi cha 8 kwenda mbele. Hapo ndipo ex-UK zinapotofautiana: HP EliteBook 840 G3 ina kichakato cha kizazi cha 6 na haivuki, ilhali 840 G5 nyingi zina cha kizazi cha 8 na zinavuka. Kwa macho zinakaribia kufanana, na ukiwa dukani muuzaji atakwambia zote ni "Core i5". Dashibodi inayoonyesha jina kamili la kichakato inakuokolea siku nzima ya kugeuza laptopu kusoma vibandiko.

Vitu vitatu vya kuvisoma kwa PowerShell kwenye kila mashine, hata kabla ya kuchagua chombo, ni hivi:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber
Get-CimInstance Win32_Processor | Select-Object Name
(Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).Caption
```

Mstari wa tatu ndio unaoamua mambo mengi baadaye, kwa sababu unasema kama ni Windows Home au Pro.

Action1 huonyesha muundo wa mashine, namba yake, mfumo wake na programu zilizowekwa, na huongeza kitu ambacho wengine wawili hawakitoi kwa urahisi huo: orodha ya mapengo ya usalama yanayojulikana, yaani programu gani ya zamani iko kwenye mashine gani na hatari yake ni ya kiwango gani. Ejenti yake inakubali Windows Home sawa na Pro.

Intune inaijua mashine kwa undani wa aina nyingine. Inajua ni ya nani, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kama inatimiza masharti uliyoweka. Lakini usiitegemee kwa habari za leo asubuhi. Mashine ya Windows huwasiliana nayo kila baada ya saa 8 hivi, na sehemu ya programu zilizogunduliwa inaweza kuchelewa hadi siku 7. Ukiondoa programu Jumatatu na bado ukaiona Alhamisi, si kosa, ni mwendo wake. Na Windows Home haiwezi kujiunga na Entra ID, mfumo wa akaunti za ofisi wa Microsoft, wala sera za masasisho haziishiki. Kwa ofisi ya mfano, ikiwa kompyuta 6 kati ya 22 ni Home, basi gharama ya kuzipandisha hadi Pro ni sehemu ya bei ya Intune, hata kama haijaandikwa kwenye ankara yake.

Tactical RMM iko karibu na Action1: vifaa, diski, programu, huduma zinazoendeshwa, na inakuruhusu kuandika hati yako ya PowerShell ikakuletee chochote kingine. Hakuna orodha ya mapengo ya usalama iliyo tayari.

Kosa moja huziharibu orodha zote tatu, na hapa kwetu ni la kawaida. Muuzaji, au fundi mwenyewe, ananakili diski moja kwenda mashine kumi ili kuokoa muda. Ikiwa ejenti ilikuwa tayari ndani ya diski ile, mashine kumi zitajitambulisha kwa kitambulisho kimoja. Dalili yake: dashibodi inaonyesha mashine moja, na jina au anwani yake hubadilikabadilika kila ukiirudia. Hutaona kosa lolote jekundu. Utaona tu kwamba hesabu haifiki 22. Kwa hiyo nakili diski kwanza, weka ejenti mwisho. Zile kompyuta za mezani zilizoungwaungwa nazo hutoa namba kama `To Be Filled By O.E.M.`. Hizo zipe jina lenye namba ya mali ya ofisi, mfano UH-07, kabla hazijaingia kwenye dashibodi.

Masasisho: Jumatano asubuhi intaneti inapokufa

Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao. Wakati huo kompyuta za ofisi zimezimwa. Zinaamka Jumatano asubuhi, zote kwa pamoja, na zote zinataka kitu kilekile.

Tuseme sasisho la mwezi huo ni MB 800. Mashine 14 za Upper Hill zikilishusha kila moja kivyake, hiyo ni zaidi ya GB 11. Kwenye laini ya Mbps 20 ni takriban saa moja na robo ya laini iliyojaa kabisa, bila mtu mwingine kutuma hata barua pepe. Mashine moja ikilishusha kisha ikawagawia wenzake ndani ya ofisi, mzigo wa nje ni MB 800 tu, yaani dakika tano na ushei.

Windows ina uwezo huo wa kugawana ndani yake, uitwao Delivery Optimization, na hufanya kazi bila kujali ni chombo gani kinachosukuma masasisho ya Windows Update. Intune inakupa mipangilio yake moja kwa moja. Action1 ina mgao wake kati ya mashine zilizo kwenye mtandao mmoja. Tactical RMM huiachia Windows yenyewe. Kinachouvunja mgao huo katika hali zote ni Wi-Fi iliyowekewa kizuizi cha wateja kutoonana, ambayo ofisi nyingi huiwasha kwa ajili ya wageni kisha wafanyakazi nao wakawekwa humohumo. Kingine, kwa Delivery Optimization, ni mlango TCP 7680 kufungwa kati ya mashine. Baada ya Jumatano ya kwanza, hakikisha hivi kwenye mashine mbili tatu:

```
Get-DeliveryOptimizationStatus | Select-Object FileSize, BytesFromPeers, BytesFromHttp
```

Ikiwa `BytesFromPeers` ni sifuri kila mahali, mgao wa Windows haupo, hata kama mpangilio unasema upo.

Sasa tofauti zenyewe. Intune hutumia duru za masasisho. Unaweka mashine mbili au tatu kwenye duru ya kwanza bila kuchelewesha, kisha zilizobaki zinachelewa kwa siku unazotaka, hadi 30 kwa masasisho ya usalama. Unaweka pia siku ya mwisho, na ikifika, mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Ni imara, inafanya kazi laptopu ikiwa Kisumu au Mombasa, na haikuhitaji uamke Jumatano. Udhaifu wake ni programu zisizo za Microsoft. Kwa msomaji wa PDF, kivinjari cha pili au 7-Zip, unapaswa kufungasha kila moja kuwa faili ya `.intunewin`, kuandika amri ya kuweka na ya kuondoa, na kusema itatambuliwaje kwamba imeshawekwa. Toleo jipya likitoka, unarudia. Kuna nyongeza ya kulipia inayoipunguza kazi hiyo.

Hapo ndipo Action1 inapong'aa. Masasisho ya Windows na ya programu nyingine yako kwenye orodha moja. Unaidhinisha, unaweka ratiba, unachagua kundi. Kwa fundi mmoja mwenye kazi nyingine, huu ni muda halisi unaookolewa kila mwezi. Angalizo ni ratiba: ukiiweka saa tano usiku na mashine zimezimwa, hakuna kitakachotokea saa hiyo. Weka ratiba ya mchana, wakati wa chakula, na muda wa kutosha wa kurudia kwa mashine ambazo hazikuwa hewani.

Tactical RMM ina mtego ambao lazima usemwe waziwazi. Ejenti yake inapowekwa huzima masasisho ya kujiendesha ya Windows kupitia sajili ya mfumo, ikitarajia wewe utaandika sera ya kuyasimamia. Ukiweka ejenti kwenye mashine 22 kisha ukaahirisha sera hadi wiki ijayo, umezifanya mashine 22 zisipate masasisho kabisa, na wiki ijayo huwa mwezi ujao. Andika sera kwanza. Programu nyingine hupitia Chocolatey, chombo cha kuweka programu za Windows kwa amri. Hazina ya wazi ya Chocolatey huibana anwani moja inayoomba vitu vingi kwa muda mfupi, na ofisi nzima huonekana kwake kama anwani moja, kwa hiyo gawa mashine katika makundi ya tano tano.

Kisha kuna tatizo linalovitesa vyombo vyote: sasisho linasema limewekwa lakini linasubiri kuwashwa upya, wiki baada ya wiki, na mtumiaji anaapa kwamba huzima kompyuta kila jioni. Anasema kweli. Windows ikiwa na Fast Startup, kuzima si kuzima kamili. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi. Amri hii inaonyesha ukweli:

```
(Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).LastBootUpTime
```

Tarehe ikiwa ni ya mwezi uliopita, umepata jibu. Amri `powercfg /h off`, ikitumwa kwa mashine zote kutoka kwenye dashibodi, huondoa tatizo hilo. Kwenye laptopu pima kwanza, kwa sababu amri hiyo pia huondoa hali ya hibernate, na mtu ambaye betri yake huisha akiwa kwenye matatu ataihitaji. Sababu ya pili ya masasisho kushindwa ni nafasi. Diski za GB 128 zilizojaa faili za WhatsApp hazina pa kufungulia sasisho kubwa. Ikibaki chini ya GB 15, safisha kabla ya kulaumu chombo.

Msaada wa mbali

Mtihani wa kweli wa msaada wa mbali ni dirisha lile la Windows linalouliza kama unairuhusu programu kufanya mabadiliko. Zana nyepesi inayoendeshwa kama mtumiaji wa kawaida huona giza dirisha hilo linapotokea, na fundi anaanza kumsomea mtu nenosiri la msimamizi kwenye simu. Hilo ni baya, na halihitajiki.

Action1 na MeshCentral huendeshwa kama huduma ya mfumo, kwa hiyo zinaliona dirisha hilo na kuendelea. Zote zinaweza kuingia hata kama hakuna mtu mezani, na zote zinaweza kuwekwa ziombe ruhusa kwanza kwa anayetumia kompyuta. MeshCentral ina mengi zaidi hapa: inaweza kuonyesha utepe juu ya skrini muda wote wa kikao, kurekodi kikao, kupitisha faili, na kuamsha mashine iliyolala kwa kuituma mashine jirani iliyo macho kwenye mtandao uleule. Ikiwa kazi yako kubwa ni kusaidia watu kuliko kusukuma masasisho, tofauti hii utaihisi kila siku.

Intune peke yake haina kikao cha skrini. Nyongeza ya Remote Help ndiyo inayokileta, na inauzwa kando kwa ofisi yenye Business Premium. Inapendeza kwa nidhamu yake: msaidizi na msaidiwa wote huingia kwa akaunti za ofisi, na unaamua nani anaruhusiwa kutazama tu na nani kudhibiti. Lakini kwenye Windows mtu lazima awepo na akubali. Haifai kwa kompyuta ya Industrial Area iliyobaki peke yake saa moja jioni.

Umeme ukipotea, hakuna kati ya vyombo hivi kitakachoiwasha kompyuta ya mezani iliyozimika kabisa. Kwenye BIOS za HP kuna mpangilio `After Power Loss`. Uweke mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Ni dakika moja kwa kila mashine, na tawi zima hurudi hewani bila mtu kusafiri.

Jambo la sheria si la kupita juu juu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu skrini ya mhasibu iliyo wazi na majina ya wateja mbele ya fundi. Washa ombi la ruhusa kwa vikao vya mchana, hifadhi kumbukumbu za nani aliingia wapi na lini, na lazimisha uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mwenye akaunti ya dashibodi. Anayeshika dashibodi ameshika kompyuta zote 22. Akaunti hiyo ikiibwa na data ikavuja, ofisi ina saa 72 tangu kujua kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kumbukumbu za vikao ndizo zitakazokusaidia kusema nini kiliguswa.

Gharama na mzigo

Action1 haitozi kwa mashine 200 za kwanza. Ofisi ya mfano hailipi kitu, na hakuna seva ya kutunza. Unachotoa ni utegemezi: dashibodi iko kwao, data ya orodha yako iko nje ya Kenya, na masharti ya bure ni yao kuyabadilisha. Haisimamii simu za wafanyakazi.

Business Premium bei yake ya orodha ni dola 22 kwa mtumiaji kwa mwezi. Watu 22 ni dola 484. Hiyo si bei ya Intune pekee: ndani yake kuna barua pepe, programu za Office na Defender for Business. Kama tayari mnalipia leseni ya chini yake, hesabu tofauti tu. Remote Help ni dola 3.50 kwa mtumiaji, na msaidizi na msaidiwa wote wanahitaji leseni, kwa hiyo ni dola 77 nyingine kila mwezi. Mizigo ya seva hakuna, lakini wiki mbili za mwanzo za kujifunza zipo, na mtu asiyewahi kuandika sera za Intune atazihitaji zote.

Tactical RMM haina ada ya mashine za Windows. Inataka seva ya Debian au Ubuntu yenye walau GB 4 za RAM isiyofanya kazi nyingine, jina la kikoa, na anwani tatu ndogo chini yake. Seva hiyo iweke kwenye VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni, si chini ya meza Upper Hill, maana umeme ukikatika ofisini unapoteza na tawi pia. Ejenti ya bure haijasainiwa, na programu za kuzuia virusi hupenda kuikamata. Ejenti iliyosainiwa hutolewa kwa wanaochangia mradi kwa kulipa. Bila hiyo, ongeza ruhusa ya folda ya `C:\Program Files\TacticalAgent` kabla ya kuiweka.

Kinachoiangusha zaidi ni cheti. Hutumia cheti cha Let's Encrypt cha siku 90, kinachothibitishwa kwa rekodi ya TXT kwenye DNS. Kama anayeuza kikoa chako hana njia ya kuiandika rekodi hiyo kiotomatiki, utaifanya kwa mkono kila baada ya miezi mitatu. Siku ukisahau, mashine zote 22 hugeuka nyekundu kwa dakika moja. Ukiona hivyo, usianze kupiga simu matawini. Ingia kwenye seva:

```
sudo certbot certificates
```

Na weka nakala ya akiba ya seva hiyo mahali pengine. Ikipotea bila nakala, ejenti 22 zitawekwa upya, kwa miguu.

Nani anafaa wapi

Fundi mmoja, mashine mchanganyiko, nyingine Home, bajeti finyu, na tatizo kubwa ni masasisho ya kila aina: Action1 itampa matokeo wiki hiyohiyo. Ofisi yenye wateja wanaouliza maswali ya ukaguzi, wanaotaka diski zifungwe, simu zisimamiwe na laptopu iliyoibwa ifutwe kutoka mbali: hiyo ni kazi ya Intune, na wengine wawili hawaifiki bila kuungaunga hati. Mtoa huduma anayehudumia ofisi kadhaa, au shirika lisilotaka data yake ikae kwa mwingine, na lenye mtu anayeijua Linux kweli: Tactical RMM, kwa sharti kwamba mtu huyo akienda likizo yupo wa pili.

Kuchanganya kunawezekana, na kwa ofisi yetu ya mfano huenda ndiyo njia. Tuseme wameshalipia Business Premium kwa watu 8 wa fedha na uongozi. Mashine zao 8, zote Pro, zinaingia Intune kwa ajili ya BitLocker na masasisho ya Windows. Action1 inawekwa kwenye zote 22, lakini kwa zile 8 inasukuma programu nyingine tu na kutoa kikao cha skrini. Sharti ni moja: kila mashine iwe na mwenye Windows Update mmoja. Wawili wakiishika, mmoja anachelewesha siku 7 na mwingine analazimisha leo, na mtumiaji ndiye anayepotezewa faili ya Excel isiyohifadhiwa.

Na kama unahama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, angalia mabaki. Mipangilio ya WSUS ya zamani au ya Tactical RMM inaweza kubaki kwenye sajili baada ya ejenti kuondolewa, na chombo kipya kitalaumiwa bure:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /s
```

Ukikuta `WUServer` inayoelekeza kwenye seva ambayo haipo tena, au `AUOptions` yenye thamani 1, futa hizo kwanza. Kisha jaribu chombo kipya kwenye mashine tatu: moja Upper Hill, moja Industrial Area, na laptopu moja iliyo nyumbani kwa mtu. Ziache zipite Jumatano moja ya masasisho kabla ya kuzigusa zile 19 zilizobaki.